Mwenzetu kapata skolashipu ya China: pongezi tuliyompa na hesabu yake yote

Naandika hii kwa wale wenye magrupu ya waliosoma pamoja, hasa huku kwetu kusini, maana kila mwaka mwezi wa saba na wa nane kuna mtoto wa mtu anapata barua ya kwenda kusoma nje na wenzake wanataka kumpongeza, na pongezi ikipangwa vibaya inaweza kumuacha mtu na keki tumboni na hana nauli ya ndege. Sisi tumelipitia hili 2025 na mwenzetu kafika salama, ila njiani kulikuwa na mambo mengi ambayo laiti tungeyajua mapema tusingekosa usingizi kiasi kile.

Tulimaliza kidato cha nne pamoja wilaya ya Newala, mkoa wa Mtwara. Grupu letu la wasapu lipo mpaka leo, kuna walimu, kuna nesi, kuna mmoja yupo bandarini Mtwara mjini, kuna wa bodaboda Masasi, kuna wa Mbagala Dar, na waliobaki wengi ni wakulima wa korosho. Huyu mwenzetu namuita Monita kwa sababu ndo cheo alichokuwa nacho darasani na mpaka leo hatumuiti jina lake. Kasoma chuo hapa hapa nchini, kapata kazi ya mkataba kwenye kiwanda cha kubangua korosho upande wa ubora, halafu mwezi wa pili kaomba skolashipu ya serikali ya China kwa masta ya sayansi ya chakula. Mwishoni mwa mwezi wa saba barua ikatoka.

Yani siku ile grupu lilichemka. Waliokuwa kimya tangu harusi ya mwisho wote waliibuka, mtu anatuma sauti analia, mwingine anatuma picha ya darasa tumesimama na sweta zimetuzidi. Katikati ya furaha hiyo hiyo wazo la kwanza likawa sherehe. Ukumbi Mtwara mjini, emsii, tisheti zenye picha yake, keki, kila mtu elfu hamsini. Kamati ikaundwa ndani ya saa moja na mimi nikapewa uwekahazina kwa sababu nilikuwa nao hata shuleni.

Nikampigia Monita simu pembeni, sio kwenye grupu. Nikamuuliza swali moja tu, hiyo skolashipu inalipa nini na nini hailipi. Akakaa kimya kidogo halafu akasema nitakutumia barua uone mwenyewe. Nikaisoma yote. Ada inalipwa, chumba cha bweni kinalipwa, bima ya afya inalipwa, na posho ya kila mwezi yuan 3,000 ambacho ndo kiwango cha wanafunzi wa masta, wa digrii ya kwanza wanapata 2,500 na wa pieichidii 3,500. Tiketi ya ndege haikuwemo. Viza haikuwemo. Vipimo vya afya havikuwemo. Na posho inaanza kuhesabiwa ukishafika na kujisajili chuoni, kwa hiyo mpaka hapo ni mfuko wako.

Watu wengi wakisikia skolashipu ya asilimia mia wanajua kila kitu kimelipwa kuanzia mlangoni kwenu, na mwenye skolashipu naye anaona aibu kusema kwamba hana nauli, maana kijiji kizima kimeshasema mtoto kachukuliwa na serikali ya China. Monita aliniambia alishakaa wiki nzima anajua hesabu haitoshi na hajamwambia mtu, anajibu hongera za watu kwa kucheka tu. Mimi lile liliniuma sana. Mtu anapongezwa mchana na usiku anapiga hesabu peke yake.

Tukakaa kwenye simu tukaandika. Tiketi ya kwenda tu Dar mpaka Guangzhou, yenye mabegi mawili ya kilo 23, wakala alimpa bei ya milioni 1.7 kama atalipa ndani ya wiki mbili. Vipimo, viza na safari ya kwenda Dar kushughulikia viza tukaweka laki tano zote kwa pamoja. Halafu pesa ya kuanzia maisha kule, tukaweka dola 400 ambazo kwa wakati ule zilikuwa kama milioni moja. Jumla milioni 3.2. Yeye alikuwa na akiba ya milioni 1.1. Pasipoti alishalipia zamani ile laki na nusu, nashukuru, maana pasipoti ukianza kuitafuta baada ya barua kutoka utasumbuka, inataka namba ya nida, cheti cha kuzaliwa, vyeti au viapo vya wazazi, na ukikuta jina la kwenye cheti cha shule limeandikwa tofauti na la nida hapo unaanza safari nyingine kabisa. Kwa hiyo pengo lilikuwa milioni 2.1.

Sasa hapa ndo kwenye jambo la huku kwetu. Mtu wa mbali anaweza kusema si baba ana korosho, auze. Barua zinatoka mwezi wa saba na wa nane, chuo kinafungua mwanzoni mwa wa tisa. Korosho zinaanza kuokotwa mwezi wa tisa wa kumi, minada inaanza mwezi wa kumi, na pesa kumfikia mkulima ni baada ya hapo. Mwezi wa saba na wa nane ndo miezi mikavu kabisa kwa pesa, watu wamemalizia zote kwenye kupulizia dawa mikorosho, maua yapo mtini na mfukoni hakuna kitu. Kalenda ya China na kalenda ya mkorosho hazionani.

Na penye ukame huo ndo kangomba anaingia. Kwa wasio wa huku, kangomba ni ule ununuzi wa pembeni, mtu anakupa pesa sasa hivi korosho ikiwa bado ua, msimu ukifika unamlipa kilo kwa bei mliyopatana, nje ya chama cha msingi cha wakulima na nje ya mnada, na serikali imekataza. Baba yake Monita alishaongea na mtu. Alikuwa anataka kuchukua milioni moja na nusu kwa bei ya 1,200 kwa kilo. Ukigawanya hapo ni kilo 1,250 zimeondoka. Msimu uliotangulia, minada ya kwanza ya Oktoba 2024 huku Newala na Tandahimba bei ilivuka 4,000 kwa kilo. Hata tukasema bei ishuke mpaka 3,000, kilo zile 1,250 ni milioni 3 na laki 7 na hamsini. Yani mzee angepoteza zaidi ya milioni mbili ili mtoto apande ndege, na nyuma yake kuna wadogo wawili wanasoma.

Nilimfuata mzee nyumbani. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, nikamueleza kwamba sisi wenzake tunajipanga naomba asisaini chochote kwanza kwa yule mtu, atupe muda mpaka katikati ya mwezi wa nane. Akaniuliza, na mkishindwa? Nikamwambia tukishindwa nitakuja mwenyewe kukwambia mapema, sitakuacha mpaka siku ya mwisho. Akakubali. Hilo la kuahidi kuja mapema lilimtuliza kuliko kama ningemuahidi pesa, nadhani mzee alishawahi kuahidiwa pesa mara nyingi maishani.

Nikarudi kwenye grupu. Kwanza nilimuomba Monita ruhusa ya kutoa hesabu yake hadharani, na kama asingekubali nisingesema. Akakubali ila akaomba isitajwe habari ya kangomba, nikaheshimu, hapa naiandika kwa sababu yeye na mzee wameniruhusu baadae. Nikaweka hesabu yote kwenye grupu mistari mitano, nikasema sherehe ya elfu hamsini kila mtu tuigeuze iwe tiketi. Wengi walikubali palepale. Wachache walinuna, kuna mmoja aliandika kwamba pongezi bila watu kukutana sio pongezi, na kwa kweli ana hoja yake, mtu anaondoka miaka mitatu watu hamjamshika mkono. Nitarudi kwenye hilo.

Shida ikawa kwenye michango. Wenye mishahara na biashara walituma ndani ya wiki, mtu anatuma na ya kutolea, nikapata milioni moja laki mbili na hamsini. Wakulima, ambao ndo wengi na ndo wanampenda sana Monita maana alikuwa anawafundisha hesabu usiku bwenini, wao waliandika ahadi. Elfu thelathini mwezi wa kumi na moja, elfu hamsini mnada wa pili, hivohivo mpaka ahadi zikafika laki nane na nusu. Ukijumlisha karatasini milioni 2.1 imetimia. Ila ahadi ya Novemba hainunui tiketi ya Agosti, wakala wa tiketi hajui mnada.

Tulichofanya ni hiki, na ndo kitu ambacho ningependa watu wa Mtwara na Lindi wakichukue. Tukawatafuta wawili wenye pesa mkononi, yule nesi na mwenzetu wa bandarini, tukawaomba wasichange zaidi ila watangulize zile laki nane na nusu kama mkopo usio na riba, na wakulima wakishalipwa wanarudisha kwao. Kila ahadi tukaiandika kwenye daftari kwa jina, kiasi, na itakwenda kwa nani kati ya wale wawili, halafu picha ya ukurasa ikawekwa kwenye grupu kila mtu athibitishe kwa kuandika nimeona. Hakuna aliyelazimishwa kiwango. Na tuliwaambia wale wawili ukweli kabla hawajatoa, kwamba korosho ni mvua na ni maua, mwingine anaweza asipate, kwa hiyo watangulize kiasi ambacho kikipotea kidogo hawatauza kitanda. Walikubali wakijua hivo.

Nikamrudia mzee kabla ya siku niliyomuahidi nikamwambia pesa imetimia. Alikaa chini. Hakusema kitu cha maana sana, alisema tu haya, mkaribie chakula.

Wakati sisi tunahangaika na pesa, Monita alikuwa anahangaika na makaratasi, na hapa kuna vitu viwili vilitaka kutukwamisha. Cha kwanza fomu ya afya. China wana fomu yao ya vipimo vya mgeni, ina picha ya eksirei ya kifua, ina kipimo cha moyo cha isiji, ina vipimo vya damu pamoja na VVU na kaswende, na inadumu miezi sita tu. Sasa fomu ile inatakiwa ibandikwe picha yako na muhuri wa hospitali upigwe ukipita juu ya picha, nusu kwenye picha nusu kwenye karatasi, na daktari asaini. Sehemu aliyopimwa walijaza majibu yote vizuri ila muhuri wakaupiga chini pembeni, picha ikabaki safi. Yeye alifurahi kumaliza akarudi Newala. Bahati nesi wetu aliomba kuiona fomu kwenye simu akasema hapana hii itarudishwa, soma maelezo pale chini. Akarudi tena kwa nauli nyingine, wakamgongea. Kwa hiyo ukishamaliza vipimo usitoke mlangoni kabla hujakagua picha ina muhuri, kuna sahihi, kuna tarehe, na hakuna kisanduku kilichoachwa wazi. Ile fomu halisi unasafiri nayo mkononi, sio kwenye begi la kupakia, maana kule wanaitaka tena na ikikataliwa unarudia vipimo kwa hela yako.

Cha pili kilitokea kwa sababu ya furaha. Mwenzetu mmoja alichukua barua ya udahili akaiweka stetasi, hongera Monita wetu, na barua inasomeka yote, jina kamili, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa. Watu wakaisambaza. Siku ya tatu Monita akapigiwa na mtu anaongea vizuri, anajua jina la chuo, anajua namba ya pasipoti, anasema yeye anashughulikia viza za wanafunzi na kuna ada ya kuwahisha laki tatu na nusu, itumwe kwenye namba ya simu kabla ya saa kumi. Monita alikuwa anatetemeka, anaona viza inapotea. Tulimtambua kwa kitu kimoja, alikuwa anataka hela itumwe kwenye simu ya mtu binafsi na anaharakisha. Malipo ya viza unalipa pale unapopeleka maombi na unapewa risiti. Tukamwambia akate simu, aandike imeli chuoni kuuliza kama kuna mtu wanamtumia, wakajibu hawana. Baada ya hapo tukakubaliana picha ya kumpongeza ni sura yake tu, barua ibaki kwake, na wote waliokuwa wameiweka wakaifuta.

Viza yenyewe ni ya aina ya X1, ya kusoma zaidi ya siku 180. Alihitaji pasipoti, barua ya udahili, na ile fomu inaitwa JW201 ambayo ndo ya wenye skolashipu ya serikali, wanaojilipia au kulipiwa kwa njia nyingine wanapewa JW202. Ilibidi aende Dar mwenyewe. Basi la alfajiri kutoka Newala, siku nzima barabarani, na hapa mwenzetu wa Mbagala ndo alitoa pongezi yake. Alisema mimi sina hela ya kuchanga ila nina godoro na nina mke anapika. Monita kalala kwao siku zote za viza, kapelekwa na kurudishwa kwa bodaboda ya huyo huyo, hajalipa gesti hata siku moja. Ukitaka kujua thamani yake piga hesabu gesti ya Dar na chakula kwa wiki na ushee. Nilimuandika kwenye daftari la michango kama wengine na jina lake lilisomwa.

Sasa nirudi kwa yule aliyesema pongezi ni watu kukutana. Tulikutana. Jumamosi moja kabla hajaondoka tulienda nyumbani kwao, sio ukumbi, kila aliyekuja alikuja na kitu cha kupika, mwingine mchele, mwingine kuku, mwingine muhogo na nazi, mama zake wadogo wakapika, sheikh wa pale jirani akasoma dua, na padri mmoja naye alikuja akaomba. Hakuna emsii. Mwenzetu ambaye ni mwalimu wa Kiswahili aliandika maneno akayasoma kwa niaba yetu, nayaweka hapa kwa sababu kuna watu wameniomba:

"Monita, hongera. Sisi tunajua ulivyosoma kwa koroboi na tunajua nani ulimgawia daftari lako. Hatukupi mzigo wa kutubeba, unaenda kusoma, soma. Ukipata shida usiifiche kwa sababu tulikupigia vigelegele, tuambie kama ulivyokuwa unatuambia darasani. Ukikaa kimya miezi kwa sababu ya masomo hatutanuna. Baba na mama yako tupo nao karibu, tutawaangalia."

Yale maneno ya hatukupi mzigo hayakuwekwa kwa uzuri. Kabla ya hapo kuna watu walishaanza, niletee simu, niletee mashine ya kunyolea, nikutumie hela unitafutie mzigo Guangzhou, kwenye grupu na pembeni. Mwanafunzi wa yuan 3,000 kwa mwezi, ambayo ni kama milioni moja na hamsini hivi, akianza kupokea oda za watu thelathini atakuwa wakala badala ya mwanafunzi, na akikataa ataonekana kabadilika. Kwa hiyo tuliongea wazi kwenye grupu kwamba mwaka wa kwanza hakuna oda, na aliyekiri kwa sauti kwamba ataacha ndo alikuwa na oda kubwa kuliko wote. Namheshimu kwa hilo.

Zawadi za vitu pia tulizizuia mapema. Ndugu walishaandaa embe, nyama ya kukausha, mbegu za mboga za kwetu ili akapande. China forodhani hawaruhusu abiria kuingia na matunda mabichi, nyama wala mbegu, vinachukuliwa palepale na ukiwa hujasema unaweza kupigwa faini. Na kilo 23 ukipima kweli ni ndogo, nguo za baridi tu zinakula nusu. Tulipima begi kwa mzani wa chama cha msingi, mambo mawili matatu yakabaki. Akachukua unga kidogo, korosho za kukaanga zilizofungwa kiwandani kwao, na khanga za mama yake.

Kitu kingine tulikifanya siku ileile ya dua ni simu. Wasapu na gugo kule hazifunguki bila VPN, watu wa kule wanatumia WeChat kwa kila kitu, kuongea na kulipa. Ukisubiri mpaka mtu afike ndo ujiunge, utakuta WeChat inataka mtu mwingine mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe, na kijijini humpati. Tuliifungua kwenye simu ya Monita, ya mdogo wake na yangu, mdogo wake akaonyeshwa namna ya kumpigia mama. Kama tungekuwa tumeacha, mama yake angekaa wiki nzima ya kwanza hajasikia sauti.

Dola 400 tulizibadilisha Dar, noti safi zisizochanika wala kuandikwa kalamu, maana shilingi kule hakuna wa kuipokea na noti chafu ya dola inakataliwa hata hapa hapa. Akafika Guangzhou akapanda treni ya kasi mpaka mji wa chuo chake, tarehe 4 mwezi wa tisa kajisajili. Hiyo tarehe ina maana yake. Utaratibu wa skolashipu ile ukijisajili mpaka tarehe 15 unapata posho ya mwezi mzima, ukichelewa ukajisajili baada ya hapo unapata nusu. Kuna kijana wa nchi nyingine alifika tarehe 18 kwa sababu tiketi ilimchelewesha, posho ya Septemba ikawa yuan 1,500.

Ila kupata haki ya posho na kuishika mkononi ni vitu viwili. Benki walitaka taratibu zao ziishe, kadi ikachelewa, na pesa ya kwanza aliiona karibu mwisho wa mwezi. Zile dola 400 ndo alizoishi nazo, zilimpa kama yuan 2,800. Kibali cha ukaazi yuan 400, na hicho lazima ukiombe ndani ya siku 30 tangu uingie kwa sababu X1 ni ya kuingilia tu, ukipitisha siku unaingia kwenye makosa ya uhamiaji. Chumba kilikuwa bure ila kitanda kitupu, godoro, shuka na blanketi alinunua. Dhamana ya ufunguo, laini ya simu, treni, chakula. Siku kadi ilipotoka alikuwa na yuan zisizozidi 300. Aliniambia kwa sauti kwenye WeChat kwamba kila alipokuwa anatoa noti anamkumbuka mtu wa grupu, hii ya nesi, hii ya fulani wa Masasi. Nililia kidogo, sio uongo.

Mwezi wa kumi na moja wakulima wakaanza kulipa. Mtu akilipwa na chama anatuma, anaandika kwenye grupu nimefunga langu, watu wanapiga makofi ya emoji. Mwenzetu wa bandarini kapata yake yote kabla ya Krismasi. Kwa nesi zilibaki elfu themanini za watu wawili, mmoja mikorosho yake maua yaliungua akavuna magunia ya kuhesabu, mwingine aliuguliwa. Nesi mwenyewe aliandika kwenye grupu kwamba hizo anazihesabu ni mchango wake wa pili, na wale wawili wasijifiche, wachangie utani kama kawaida. Nikachora mstari kwenye daftari nikaandika imelipwa.

Baba yake Monita aliuza korosho zote kwa mnada, kilo zake zote, na ada za wale wadogo wawili za Januari zimelipwa. Daftari ninalo. Kuna mwenzetu mwingine, yule mwalimu wa Kiswahili, anajipanga kuomba masomo ya nje mwezi wa pili mwakani, na tayari tumekubaliana kwamba kila anayeuza korosho msimu ujao anaacha elfu kumi kwa nesi wakati huo huo wa mnada, ili Agosti ikifika tusianze na ahadi.